Swali la Jiometri Lisilo na Mchoro: Namna ya Kulitambua Lililotungwa Vizuri

"Nukta A, B na C ziko kwenye mzingo wa duara lenye kitovu O. Pembe AOC ni nyuzi 130. Tafuta pembe ABC, ukitoa sababu."

Mwalimu aliyetunga swali la namna hii alikuwa na mchoro mbele yake. Katika mchoro wake B iko upande ule ule ilipo O, mbali na A na C, na jibu analolitarajia ni nyuzi 65, kwa kuwa pembe ya kitovuni ni maradufu ya pembe ya mzingoni inayosimama juu ya tao lile lile. Mchoro ukiondolewa, swali linabaki na majibu mawili. Mwanafunzi anayeiweka B kwenye tao fupi lililo kati ya A na C atasema kwamba upande wa pili wa kitovu kuna nyuzi 230, atagawa kwa mbili, na atapata 115. Kila sababu yake itakuwa sahihi. Msahihishaji mwenye 65 kwenye mwongozo wake atamnyima alama zote, na mtoto hatajua kamwe alikosea wapi, kwa sababu hakukosea.

Huku kwetu, kwenye barabara itokayo Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Igoji hadi Meru, swali linalofika bila mchoro ni jambo la kawaida kuliko wengi wanavyofikiri. Igoji iko shule ya St. Lucy ya wanafunzi wenye ulemavu wa kuona, na kwao maelezo ya maneno ndiyo mchoro wenyewe, hadi pale wanapoujenga kwa vidole kwa pini na uzi kwenye ubao laini. Lakini hata katika shule nyingine, mwalimu anayeandaa mtihani wa pamoja humtumia mwenzake rasimu kwa simu, maneno matupu, akiahidi kwamba michoro itafuata. Darasani mwalimu husoma swali kwa sauti na wanafunzi huchora wenyewe. Swali likiwa limeegemea mchoro usioonekana, hapo ndipo huanguka. Darasani maswali haya huandikwa kwa Kiingereza, nami hapa ninayaandika kwa Kiswahili. Kasoro ni zile zile.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikizipitia rasimu za maswali ya pembe, na jambo la kwanza ninalolitafuta si ugumu wala wepesi. Ninatafuta kama maneno yanajenga mchoro mmoja tu. Tulirudie swali la duara. Wengi wakionyeshwa kasoro yake hukimbilia kuongeza nukta ya nne: "Nukta A, B, C na D ziko kwenye mzingo kwa mpangilio huo." Marekebisho haya yanasikika kama yamemaliza kazi, lakini hayajaigusa kasoro. Mpangilio unatuambia tu kwamba B iko kwenye tao moja kati ya A na C, na D iko kwenye tao la pili. Hautuambii ni ipi kati ya hizo mbili iliyo kwenye tao fupi. Majibu bado ni mawili. Kinachohitajika ni sentensi inayotaja upande: "B na O ziko upande mmoja wa mstari AC." Sasa B haina pa kwenda isipokuwa tao refu, na jibu ni 65 peke yake.

Sentensi ya upande ndiyo inayosahaulika mara nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu jicho huiona bila kuambiwa. Mwenye mchoro haoni haja ya kusema kwamba nukta fulani iko upande huu wa mstari na si ule. Na anapokumbuka kuisema, husema "juu", "chini" au "kulia". Maneno hayo hayafai. Juu ya mstari AB ni wapi ikiwa msomaji ameichora AB ikisimama wima? Mtunzi hodari hutaja upande kwa kutumia vitu vilivyomo ndani ya mchoro wenyewe: upande ilipo A, upande usio na O, kati ya B na D. Karatasi ikizungushwa vyovyote, maneno hayo yanabaki kuwa kweli.

Kuna mianya mingine ya aina hiyo hiyo. Ukisema pembetatu ina pande mbili sawa na pembe moja ya nyuzi 40, umetunga pembetatu mbili: moja ina nyuzi 40, 40 na 100, nyingine 40, 70 na 70. Taja ni pande zipi zilizo sawa na ni pembe ipi iliyo ya 40. Ukisema nukta E iko kwenye mstari fulani bila kusema kama iko kabla au baada ya nukta nyingine, umempa msomaji njia mbili. Mwanya mmoja unatosha kuliharibu swali zima.

Sasa tuchukue swali moja tulitazame tangu rasimu hadi mwongozo wa kusahihisha. Rasimu ya aina hii hupatikana sana:

"Pembetatu ABC ina AB = AC na pembe BAC ya nyuzi 40. BC imeendelezwa hadi D na CE ni sambamba na BA. Tafuta pembe ECD, ukitoa sababu."

Anayemjua Euklidi ataitambua asili yake. Pendekezo la 32 katika kitabu cha kwanza cha Elementi, linalothibitisha kwamba pembe tatu za pembetatu zinatimiza pembe mraba mbili, limejengwa kwa mchoro huu huu na hata kwa herufi hizi hizi. Euklidi mwenyewe hakusema mstari CE unaelekea upande gani, aliuachia mchoro. Sisi hatuwezi kuuachia. Mstari sambamba na BA unaopita C unaenda pande mbili, na ikiwa E iko upande wa pili wa BD, pembe ECD inakuwa nyuzi 110 badala ya 70.

Kasoro ya upande tumeshaijua. Rasimu hii ina kasoro nyingine iliyofichika zaidi, nayo iko kwenye namba. Kwa kuwa AB na AC ni sawa, pembe za kitako ni 70 na 70. Jibu la ECD, ambayo ni sawa na ABC kwa sababu BA na CE ni sambamba, ni 70. Mwanafunzi anayedhani kwamba ECD ni sawa na ACB, kwa kuwa zinakaa mkabala pale C, naye atapata 70. Hana hoja yoyote, lakini namba yake inalingana na mwongozo. Swali limeshindwa kuwatenganisha watu wawili ambao lilitungwa ili kuwatenganisha. Ukiona pembe ya 60, pembe ya 45, au pembetatu yenye pande mbili sawa katika swali la kutoa sababu, simama hapo uhesabu: njia za makosa zinafika wapi? Zikifika kwenye jibu lile lile, namba zimechaguliwa vibaya, hata kama zinagawanyika vizuri.

Hili ndilo swali lile lile baada ya kutengenezwa:

"ABC ni pembetatu. Pembe BAC ni nyuzi 48 na pembe ABC ni nyuzi 65. Upande BC umeendelezwa kupita C hadi D. Kutoka C umechorwa mstari CE, ulio sambamba na BA na wenye urefu sawa na CA. Nukta E iko upande ule ule wa mstari BD ilipo A. A na E zimeunganishwa.
(a) Tafuta pembe ACE.
(b) Tafuta pembe ECD.
(c) Tafuta pembe CAE.
(d) Je, AE ni sambamba na BC?
Kila hatua itolewe sababu."

Utazame kwanza mpangilio wa sentensi. Kila sentensi inaongeza kitu kimoja, na kitu hicho kinaning'inia kwenye vitu ambavyo msomaji ameshavichora. Hakuna herufi inayotajwa kabla ya kuzaliwa. Anayesoma kwa vidole, au anayesikiliza mwalimu akisoma, hawezi kuruka na kurudi kama anayetupia macho karatasi. Akikutana na E katika sentensi ya pili na kuelezwa E ni nini katika sentensi ya tano, amelazimika kuibeba E kichwani bila pa kuiweka. Herufi nazo ni tano tu. Rasimu nyingine ya swali hili ingechora kwanza mstari CE halafu ikaweka nukta F juu yake ili CF iwe sawa na CA. Herufi hiyo ya sita haina kazi, na inaleta mwanya mpya, maana F ingeweza kukaa upande wowote wa C. Ukiweza kuondoa herufi moja, iondoe.

Utazame pia kwamba sentensi zote zina kazi. Ile ya upande wa E inatumika katika (b). Ile ya urefu wa CE inatumika katika (c). Hii ni njia nzuri ya kulipima swali: andika jibu kamili, kisha chini ya kila hatua andika ni sentensi gani ya swali iliyoiwezesha. Sentensi ikibaki bila kutumika, ama ni ya ziada, ama umeiweka ili kupotosha, na katika swali la maneno kupotosha hivyo si haki kwa mtu anayejenga mchoro kwa taabu. Hatua nayo ikibaki bila sentensi ya kuibeba, basi umeitoa kwenye mchoro wako wa siri. Ya ziada ina hatari yake vilevile. Mtunzi akiongeza kwa ukarimu kwamba pembe ACB ni nyuzi 68, ametunga pembetatu ya nyuzi 181, na mtihani utachapishwa hivyo.

Tulijibu sasa. Katika (a), BA na CE ni sambamba kama tulivyoambiwa, AC inaikata mistari hiyo miwili, na B na E ziko pande tofauti za AC. Basi ACE ni sawa na BAC, nyuzi 48. Katika (b), BD inaikata ile ile mistari sambamba, A na E ziko upande mmoja wa BD, basi ECD ni sawa na ABC, nyuzi 65. Katika (c), pembetatu ACE ina CA = CE, hivyo pembe zinazozikabili pande hizo, yaani CEA na CAE, ni sawa; zimebaki nyuzi 180 kutoa 48, ambazo ni 132, na nusu yake ni 66.

Namba hizi sasa zinasema. Aliyedhani ECD ni sawa na ACB ataandika 67. Aliyesahau kwamba CE inapita katikati ataandika 113, pembe yote ya nje. Aliyeshika vibaya kanuni ya pande mbili sawa, akalinganisha ACE na CAE, ataandika 48 katika (c). Mwalimu akiona namba anajua kosa kabla ya kusoma sababu, na akisoma sababu anathibitisha. Nyuzi 65, 66 na 67 zimekaribiana kwa makusudi: anayekisia kwa kupima mchoro wake kwa rula ya pembe hawezi kuzitenganisha kwa uhakika, lakini anayehoji anazipata bila shida.

Ukaribu huo ndio unaoipa sehemu ya (d) uzito wake. Chora swali hili kwa penseli kali na utaona AE na BC zimelala sambamba kabisa. Darasa zima litasema ndiyo. Wengine wataongeza sababu: BA ni sambamba na CE, kwa hiyo ABCE ni msambamba, kwa hiyo AE ni sambamba na BC. Hoja hiyo inasikika vizuri na ni batili, kwa sababu jozi moja ya pande sambamba haitoshi. Ili ABCE iwe msambamba, CE ingehitaji pia kuwa na urefu sawa na BA, lakini tumeambiwa ni sawa na CA. Na CA si sawa na BA, maana pembe zinazozikabili, 65 na 67, hazilingani.

Jibu sahihi linakwenda hivi. Pembe ACB ni 180 kutoa 48 kutoa 65, yaani 67. AC inaikata AE na BC. Kama AE na BC zingekuwa sambamba, CAE na ACB zingelingana, kwa kuwa E na B ziko pande tofauti za AC. CAE ni 66 na ACB ni 67. Hazilingani, kwa hiyo mistari hiyo si sambamba. Aliye tayari kwenda mbele anaweza kuulizwa inakutana upande gani. Upande wa D, pembe CAE na ACD ni 66 na 113, jumla 179, pungufu ya 180 kwa nyuzi moja. Basi inakutana upande huo. Ikiwa AC ni sentimita 6, pahali pa kukutania pako zaidi ya mita 3 kutoka C. Hakuna daftari litakalofika huko, na hakuna jicho litakaloona.

Hapa ndipo ninapoliweka swali la maneno juu ya swali lenye mchoro, si kama mbadala wa huruma kwa wasioona. Mchoro uliochapishwa ungewaambia wanafunzi wote wenye kuona kwamba mistari ni sambamba, na ungewadanganya. Maneno hayakudanganya mtu. Mwanafunzi wa Igoji na mwanafunzi wa Runyenjes wanaanza mahali pamoja.

Sababu zenyewe nazo zina viwango vyake, na mtunzi lazima aamue mapema atakubali ipi. "Kwa sababu ya mistari sambamba" si sababu kamili. Haijasema mistari ipi, haijasema ni mstari gani unaoikata, wala kama pembe hizo zinalingana au zinatimiza 180. Sababu ninayoiita kamili inataja kanuni, inataja vitu ambavyo kanuni inavishika katika swali hili, na inaonyesha kila kimoja kimetoka wapi: kilitolewa, au kilipatikana katika hatua iliyotangulia. Si lazima iwe ndefu. "BA sambamba na CE (imetolewa), BD inazikata, A na E upande mmoja: ECD = ABC" ni mstari mmoja na haina pengo.

Katika shule zetu kuna desturi ya kuzitambulisha pembe kwa sura ya herufi: pembe za Z, pembe za F. Mwanafunzi anaona Z katika mchoro na anaandika hivyo. Kwa msomaji wa Breli sababu hiyo haina maana yoyote. Z ya Breli ni vidoti vinne: viwili kushoto, cha juu na cha chini, na viwili kulia, cha katikati na cha chini. Hakuna ndani yake mistari miwili sambamba wala mstari unaoikata. Na hata kwa anayeona, Z ni sura, si kanuni. Z huonekana pia pale ambapo mistari si sambamba, kama katika (d), na huko ndiko wanafunzi wanakotumbukia, wakiona E, A, C, B zimefanya Z na kuhitimisha kwamba pembe zinalingana. Ningependa mwongozo wa kusahihisha ukatae neno Z na kudai majina ya mistari.

Jambo lingine la kulindwa katika kusahihisha ni mwelekeo wa hoja. "Mistari ni sambamba, kwa hiyo pembe zinalingana" na "pembe zinalingana, kwa hiyo mistari ni sambamba" ni kanuni mbili. Sehemu za (a) na (b) zinatumia ya kwanza. Mwanafunzi ambaye katika (d) anaanza kwa kusema AE ni sambamba na BC, kisha anapata pembe CAE kuwa 67 kwa sababu hiyo, kisha anahitimisha kwamba ni sambamba, amezunguka na kurudi alikoanza. Apate sifuri kwa sehemu hiyo, hata kama mwandiko wake ni mzuri. Anayekanusha kwa njia ya urefu wa pande, kama nilivyoonyesha hapo juu, apate alama zote ingawa hakugusa pembe CAE. Na anayeanza na (b), halafu akapata (a) kwa kutoa 67 na 65 kutoka 180 kwa kuwa BCD ni mstari mnyoofu, naye apate zote. Mwongozo wenye njia moja tu ni mwongozo uliotungwa na mtu aliyelitatua swali lake mara moja tu.

Alama zenyewe ningezigawa mbili kwa kila sehemu, moja ya namba na moja ya sababu, jumla nane. Katika karatasi ya KCSE, sehemu ya kwanza ina maswali 16 kwa alama 50, yaani wastani wa takriban alama tatu kwa swali, kwa hiyo huko zingetosha (b) na (d) tu. Katika sehemu ya pili, yenye maswali ya alama 10, lingeingia lote pamoja na nyongeza ya upande wa kukutania, kwa alama mbili zilizobaki.

Kuna tabia ya kuvisha maswali nguo za mahali: shamba la chai la fulani huko Runyenjes lenye umbo la pembetatu, mistari ya chai iliyo sambamba, matuta ya mteremko wa Mlima Kenya. Siyapendi mengi ya hayo, na sababu yangu ni ya kijiometri. Matuta hufuata mteremko na hupinda nao. Kuyaita mistari sambamba ni kumfundisha mtoto asiamini anachokijua. Kitu cha mahali kinafaa pale ambapo kazi yenyewe inahakikisha umbo. Mbao mbili za paa zilizokatwa kwa urefu mmoja na kukutana kwenye kilele zinatoa pembetatu yenye pande mbili sawa, kwa kuwa fundi amezikata hivyo. Hapo hadithi inabeba sharti la hesabu. Kwingine kote, herufi tupu ni bora.

Kipimo cha mwisho hakihitaji kitu zaidi ya simu. Mpigie mwalimu mwenzako asiyeliona swali, umsomee polepole mara mbili, naye achore bila kukuuliza neno. Akikuuliza "E iko upande gani?", usimjibu, andika jibu hilo ndani ya swali. Akimaliza, akutajie kwa maneno alichonacho: herufi zipi ziko upande gani wa mstari gani. Kisha atafute mchoro wa pili unaotimiza kila sentensi lakini unatofautiana na wa kwanza. Akiupata, na pembe zake zikaleta jibu lingine, swali halijaiva. Akishindwa, litatue upya kwa mchoro wake yeye, si wako, na uone kama kila sababu bado inasimama.

Kwa walimu wanaoandaa mitihani ya pamoja ya Meru na Embu, ombi langu ni hili: fanyeni kipimo hicho kabla rasimu haijaenda kuchapishwa, na kwa kila swali la pembe, hata lile litakalokuwa na mchoro. Andikeni maelezo ya maneno kwanza, mchoro baadaye. Shule yenye wanafunzi wasioona ipate maelezo hayo hayo, siku hiyo hiyo, yakiwa swali kamili.